Ripoti ya kurasa 14, jibu ni "Sawa, asante"

*Mshauri, habari za kazi. Nasimamia matangazo ya mtandaoni ya wafanyabiashara wadogo. Mmoja wao anashona mapazia kwa oda. Ana mafundi wawili na simu moja ya biashara. Kila Jumatatu namtumia ripoti ya kurasa 14: Impressions, Reach, CTR, CPM, wafuasi wapya, na grafu ya kila tangazo. Kuiandaa kunanila karibu nusu siku. Jibu lake huwa ni "Sawa, asante." Juzi akanipigia: "Ndugu yangu, hizi namba sizielewi. Niambie tu, hela yangu inarudi au hairudi?" Sikuwa na jibu la kueleweka, na sasa anafikiria kupunguza bajeti. Niondoe nini, nibakize nini, na nimweleze vipi bila kumchanganya wala kumdanganya?*

*— Mtuma Ripoti*

Ndugu Mtuma Ripoti,

Kabla hujafuta ukurasa hata mmoja, andika pembeni mambo ambayo mteja wako ana uwezo wa kuyabadilisha wiki ijayo. Kwa mshona mapazia hayazidi matatu. Anaweza kuongeza au kupunguza hela ya matangazo. Anaweza kubadilisha nani anashika simu na anajibu upesi kiasi gani. Anaweza kuamua aina gani ya pazia itangazwe. Basi. Sasa ipitishe kila namba ya ripoti yako kwenye swali moja: hii ikipanda mara mbili au ikishuka nusu, huyu bwana atafanya nini tofauti? Impressions zikipanda mara mbili hafanyi chochote, maana hizo ni mara ambazo tangazo limetokea kwenye vioo vya simu, na mtu mmoja anaweza kuwa amehesabiwa mara tano. Wafuasi wakiongezeka, pia hafanyi chochote. CTR, yaani asilimia ya mara ambazo tangazo limebonyezwa kati ya mara lilizotokea, ikishuka, hapo kuna mtu wa kufanya kitu, lakini mtu huyo ni wewe: utabadilisha picha au maneno. Kwa hiyo CTR ni namba ya kazi yako, ibaki kwenye faili lako. Fundi bomba hamwonyeshi mwenye nyumba kipimo cha kila kiungio. Anamwonyesha maji yakitoka.

Kwa biashara ya aina hii nakushauri ubakize namba tatu tu: watu wapya waliouliza, oda mpya zilizolipiwa kianzio, na hela ya matangazo iliyotumika kupata oda moja. Ya tatu ndiyo inayojibu swali lake la kwenye simu. Hizo mbili za kwanza zipo ili ya tatu ikiharibika mjue imeharibikia wapi.

Ugumu wa namba hizi ni kwamba hazipatikani kamili kwenye akaunti ya matangazo, na nadhani ndiyo sababu watu wengi wa kazi yetu wanazikwepa. Impressions unazipata kwa kubonyeza mara moja. Oda zilizolipiwa ziko kwenye simu ya mteja na kwenye daftari lake.

Anza na "watu wapya waliouliza." Usichukue namba ya Meta, kampuni ya Facebook na Instagram, inayoitwa Messaging conversations started ukaibandika kama ilivyo. Namba hiyo inahesabu mazungumzo yaliyoanza baada ya ukimya wa angalau siku 7, kwa hiyo mama aliyeuliza bei mwanzoni mwa mwezi, akanyamaza, kisha akarudi kupitia tangazo wiki mbili baadaye anaweza kuhesabiwa mara mbili. Ndani yake pia yumo aliyebonyeza kwa bahati mbaya akatuma neno lililoandikwa tayari na kupotea, na yumo muuza vitambaa anayetafuta soko. Kaeni wewe na mteja mkubaliane maana moja, muiandike: muulizaji mpya ni mtu ambaye hajawahi kununua, ameuliza bei, kipimo au muda wa kushona, na anahesabiwa mara moja tu, kwenye wiki aliyoandika au kupiga simu kwa mara ya kwanza. Wateja wa zamani wanaoagiza tena wawekwe kando. Ni hela nzuri, lakini si matangazo yaliyowaleta.

Kuzikusanya si kazi kubwa. Kwenye WhatsApp Business kuna lebo za kubandika kwenye mazungumzo, na unaweza kutengeneza za kwako kwa maneno anayoyatumia yeye: "Ameuliza," "Amelipa kianzio," "Wa zamani." Mshika simu akizoea kubandika lebo pale pale anapojibu, Jumapili jioni hesabu inachukua dakika chache. Wanaopiga simu waandikwe kwenye daftari, mstari mmoja kila mtu: tarehe, tarakimu nne za mwisho za namba yake, alituona wapi. Hilo la mwisho liulizwe kwa mdomo, tena mapema, kwa sababu mtu akishalipa hakumbuki tena. Kama ana tovuti yenye kitufe cha WhatsApp, mwekee kiungo chenye ujumbe wake, ili anayetokea huko ajulikane kwa sentensi yake ya kwanza:

```
https://wa.me/NAMBA?text=Nimetoka%20kwenye%20tovuti
```

Mahali pa NAMBA weka namba ya simu pamoja na msimbo wa nchi, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Kwenye tangazo lenyewe tumia sentensi tofauti. Wapo watakaoifuta na kuandika yao, lakini wengi wanaituma ilivyo.

Sasa tuje kwenye hesabu, na hapa ndipo ripoti nyingi zinapotoka kwenye mstari bila mwandishi kukusudia. Tuseme mteja wako anatumia 300 kwa wiki kwenye matangazo, sarafu yoyote ile. Wiki nne zilizopita waliuliza watu 24, 19, 26 na 23. Oda zilizolipiwa zilikuwa 4, 6, 3 na 5. Wiki hii wameuliza 17 na wamelipa 2.

Ukiandika ripoti kwa mazoea utaandika: "Oda zimeshuka kwa asilimia 60." Hesabu ni sahihi, kutoka 5 kwenda 2, lakini ukweli wake haupo. Tofauti ni oda tatu, na oda tatu ni mtu mmoja aliyesafiri, mwingine anayesubiri mshahara, na wa tatu aliyelipa Jumatatu asubuhi badala ya Jumapili. Namba ndogo zinacheza zenyewe hata kama hakuna kilichobadilika. Kuna kanuni ya makadirio inayosaidia: chukua wastani, tafuta kipeuo chake cha pili, na ujue kwamba kupanda au kushuka ndani ya vipeuo viwili kunaweza kuwa bahati tu. Wastani wa waliouliza ni 23, kipeuo chake kinakaribia 5, kwa hiyo wiki yoyote kati ya 13 na 33 haijathibitisha kitu. Wastani wa oda ni 4.5, kipeuo chake kinazidi 2 kidogo. Wiki ya oda 1 na wiki ya oda 8 zote zinaweza kutoka kwenye biashara ile ile isiyobadilika. Usimpe mteja hesabu hii ya vipeuo. Ni ya kukuzuia wewe usishangilie wala usiombe radhi bila sababu. Yeye mpe namba zenyewe za wiki tano, zikiwa zimepangwa mstari mmoja: 24, 19, 26, 23, 17. Mfanyabiashara anayefungua duka kila siku anajua wiki hazifanani, ataisoma safu hiyo vizuri kuliko grafu. Na asilimia ziache kabisa kwenye ripoti yake mpaka hesabu zake zifike angalau makumi kadhaa kwa wiki.

Kwa sababu hiyo hiyo, hela ya matangazo kwa kila oda usiikokotoe kwa wiki moja. Wiki hii peke yake ni 300 gawanya kwa 2, yaani 150. Wiki ile ya oda 6 ilikuwa 50. Ukimpelekea 50 kisha ukampelekea 150, ataona unaendesha matangazo kama kamari. Chukua wiki nne za mwisho kwa pamoja, ukiihesabu na hii: umetumia 1,200, oda ni 6, 3, 5 na 2, jumla 16. Kila oda imegharimu 75. Wiki iliyopita, kwa njia hiyo hiyo, ilikuwa 1,200 kwa oda 18, karibu 67. Imepanda kutoka 67 hadi 75. Hiyo ni habari unayoweza kuisimamia.

Kuna faida ya pili ya kuchukua wiki nne. Pazia si kitu cha kuuliza na kulipa siku hiyo hiyo. Mtu anapima dirisha, anaongea na wa nyumbani kwake, anarudi. Oda mbili za wiki hii huenda zote ni za watu waliouliza wiki mbili nyuma. Ukigawanya oda za wiki hii kwa waulizaji wa wiki hii unachanganya watu tofauti. Ukitaka kujua waulizaji wangapi hununua, lifuate kundi moja: wale 26 walioandika kwa mara ya kwanza wiki ile, mpaka leo wangapi wamelipa? Lifanye mara moja kwa mwezi, si kila Jumatatu.

Lakini 75 peke yake ni namba bubu. Ili iseme inahitaji jirani yake, na huyo anatoka kwa mteja. Muulize: "Ukitoa kitambaa, reli na hela ya fundi, oda ya kawaida inakuachia kiasi gani?" Asijibu kwa kukumbuka oda moja nono ya nyumba nzima, achukue oda 20 za mwisho, ajumlishe kilichobaki, agawanye kwa 20. Tuseme ni 200. Hapo kaeni mkubaliane kikomo. Humo kwenye 200 kuna pango, umeme na faida yake, kwa hiyo matangazo hayawezi kuila yote. Tuseme amesema hataki yapite 100. Kikomo hicho kiandikwe kabla ya wiki mbaya kufika, kwa sababu wiki mbaya ikishafika mtakuwa mnajadili hofu.

Sasa jibu la "inarudi au hairudi" linaandikika kwa sentensi moja. Ripoti nzima ya wiki hii ningeituma hivi, kama ujumbe wa kawaida kwenye simu, bila kiambatisho:

> Habari ya asubuhi, bosi. Hela ya matangazo bado inarudi, ingawa wiki hii imekuwa ya chini.
>
> Kwa wiki nne zilizopita kila oda mpya imetugharimu 75. Wewe inakuachia wastani wa 200, na kikomo chetu ni 100. Mara ya mwisho ilikuwa 67, kwa hiyo imepanda lakini tuko ndani.
>
> Watu wapya waliouliza: 24, 19, 26, 23, wiki hii 17.
> Oda mpya zilizolipiwa kianzio: 4, 6, 3, 5, wiki hii 2.
>
> Nilichokiona: kati ya hao 17, sita waliandika kati ya Jumamosi jioni na Jumapili usiku, wakajibiwa leo asubuhi. Mpaka sasa hakuna hata mmoja aliyeendelea na mazungumzo.
>
> Nilichofanya: nimesimamisha tangazo la mapazia ya ofisi. Limekaa wiki nne, wameuliza watu watatu, hajalipa mtu.
>
> Naomba uamue kabla ya Ijumaa: tupate mtu wa kujibu simu mwishoni mwa wiki, au nizime matangazo Jumamosi jioni na kuyawasha Jumatatu?

Angalia mambo machache humo. Jibu limetangulia namba. Hela imetajwa kwa maneno anayoyatumia yeye dukani, "imetugharimu" na "inakuachia," na siyo jina la kipimo. Hakuna neno la kufafanua, kwa hiyo hakuna haja ya faharasa. Ripoti inayohitaji faharasa imeandikiwa mtu mwingine. Na mwisho kuna ombi moja lenye siku ya kujibu. Naamini ukimya wa "Sawa, asante" umetokana zaidi na hapo kuliko kwenye istilahi: kurasa 14 zako hazikumwomba kitu chochote.

Lile la watu sita wa mwishoni mwa wiki ni namba ya nne, na utaona sikuihesabu kati ya zile tatu. Namba kama hiyo inaingia siku inapokuwa na jambo la kusema, kisha inatoka. Ukiifanya ya kudumu, baada ya miezi mitatu utakuwa na namba tisa na tutakuwa tumerudi tulikotoka. Watu sita hawatoshi kuthibitisha kwamba kuchelewa kujibu ndiko kulikowapoteza. Wanatosha kuuliza swali ambalo kulijaribu hakugharimu sana, na ndivyo lilivyoandikwa: limeelezwa lililoonekana, halikutangazwa kuwa sababu.

Wakati mwingine kipimo kisicho cha kwake kinalazimika kutajwa, mathalani umebadilisha picha zote na anataka kujua kwa nini. Basi kigeuze kiwe watu. Badala ya "CTR imeshuka kutoka asilimia 1.8 hadi 0.9," mwandikie: "Zamani, tangazo likitokea mara 1,000 lilikuwa linabonyezwa mara 18. Sasa linabonyezwa mara 9. Picha imezoeleka, naibadilisha." Ameelewa, na hajalazimika kujifunza kifupisho cha Kiingereza ili aelewe anakopeleka hela yake. Watu waliofikiwa, Reach, wana mtego wao: usijumlishe wa wiki nne ukampa jumla ya mwezi. Mtu aliyeliona tangazo wiki zote nne atakuwa amehesabiwa mara nne. Namba ya mwezi iombe kwenye mfumo wenyewe kwa tarehe za mwezi mzima.

Kuhusu kumdanganya, hatari haiko kwenye namba za uongo. Watu wachache sana wanaandika namba za uongo. Iko kwenye kubadilisha namba zenyewe. Wiki ya oda 2 inakuja, na vidole vinatamani kuandika "wafuasi wapya 140!" juu kabisa. Mteja anaweza asijue CPM, yaani gharama ya tangazo kutokea mara 1,000, lakini anajua wiki iliyopita ulianza na oda na wiki hii umeanza na wafuasi. Kwa hiyo mkubaliane kwamba zile tatu zinakaa miezi mitatu, kwa mpangilio ule ule, zikipanda au zikishuka. Ukiona moja haifai, ibadilisheni mwisho wa miezi hiyo mkiwa pamoja, na mwambie kwamba zile za nyuma hazilinganishwi tena na mpya.

Kuna namba moja ambayo usiitume kabla ya kuikagua: sifuri. Kama fomu ya tovuti huleta watu watano kila wiki na wiki hii imeleta sifuri, usiandike kwamba soko limepoa. Ijaze mwenyewe kwa simu yako, uone kama ujumbe unafika au umeangukia kwenye folda ya barua taka. Vivyo hivyo namba ikiruka juu ghafla siku moja, fungua mazungumzo yenyewe usome machache. Mara nyingi utakuta tangazo limewafikia watu wanaotafuta kazi ya ushonaji.

Kuhusu siku ya kutuma: hesabu za akaunti ya Meta zinaweza kuendelea kusogea baada ya wiki kufungwa, kwa sababu kwa mpangilio wake wa kawaida tangazo huhesabiwa limeleta tendo lililotokea hadi siku 7 baada ya mtu kulibonyeza. Ukitegemea lebo za simu na daftari, shida hiyo haikugusi sana. Ila hela iliyotumika ichukue kwenye akaunti Jumatatu asubuhi, si Jumapili usiku siku ikiwa haijaisha.

Kurasa 14 usizitupe. Zipunguze ziwe faili lako la kazi, ulifungue pale namba moja kati ya tatu inapokaa vibaya wiki mbili mfululizo na unahitaji kujua kama shida ni picha, ni watu unaowalenga, au ni simu isiyojibiwa.

Kwa wiki hii usitume ripoti kabisa. Mpigie, mwombe nusu saa, mfungue daftari lake na simu ya biashara pamoja, mhesabu wiki nne za nyuma kwa mkono. Mtakuta mashimo, siku ambazo hakuna aliyeandika kitu. Ziandikeni kuwa hazijulikani, msizijaze kwa makisio. Toka hapo na mambo matatu: maana ya muulizaji mpya, kiasi ambacho oda ya kawaida inamwachia, na kikomo. Uamuzi wa kupunguza bajeti mwombe ausubirishe mpaka hesabu hiyo iishe. Ikitoka 130 wakati kikomo ni 100, basi bajeti ipunguzwe kweli, na wewe ndiye uwe wa kwanza kumwambia.